Kutoka maazimio ya kazi hadi andalio la leo: jinsi ya kuunganisha mipango mitatu ndani ya muhula mmoja

Mwalimu mwenzangu, huenda kabati lako lina maazimio ya kazi yaliyopigwa muhuri, na faili ya maandalio ya somo iko juu yake. Swali langu ni moja. Kipindi cha Jumanne kikiharibika, ni karatasi gani kati ya hizo inabadilika? Kama jibu ni kwamba hakuna, basi mipango yako haijaungana. Imewekwa pamoja tu.

Wengi wetu tulifundishwa kwamba mipango hushuka: maazimio yanazaa mpango wa wiki, nao mpango wa wiki unazaa andalio. Ni kweli, lakini hiyo ni nusu ya kazi. Nusu ya pili ni kupanda. Kilichotokea darasani leo kinapaswa kurekebisha wiki, na wiki irekebishe muhula. Nitaeleza hatua zote mbili kwa kutumia muhula mmoja niliofundisha Kiswahili Gredi ya 4 hapa Nairobi, Muhula wa 2 wa mwaka 2024. Nimeuchagua kwa sababu ulikatwa kabla haujaanza, na ukaonyesha wazi palipokuwa na kiungo na palipokosekana.

Hesabu vipindi kabla ya kuandika mada hata moja

Muhula ule ulipangwa kuanza 29 Aprili na kumalizika 2 Agosti, yaani wiki 14. Kiswahili kina vipindi 4 kwa wiki, kila kimoja dakika 35. Ukizidisha unapata 56, na hapo ndipo maazimio mengi yanapokosea, kwa sababu mwalimu hugawanya mada zake katika vipindi 56 ambavyo havipo.

Chukua kalenda na ratiba ya darasa lako, uondoe vipindi kimoja kimoja. Kwangu vipindi vinaangukia Jumatatu, Jumanne, Alhamisi na Ijumaa. Wiki ya kufungua nilitoa 2, maana siku mbili za kwanza huenda kwa usafi, madawati na kusubiri watoto warudi. Mapumziko ya katikati ya muhula yalichukua 2. Idd-ul-Adha iliangukia Jumatatu katikati ya Juni, ikachukua 1. Tathmini ya mwisho wa muhula ilichukua 4, na wiki ya kufunga nikahesabu 3 kwa kusahihisha na kuandika ripoti. Jumla ni 12. Kwa hiyo 56 vikawa 44.

Katika hivyo 44, niligawa 34 kwa mada mpya, 6 kwa marudio, na 4 nikaviita akiba. Akiba usiiandikie mada. Iache mstari mtupu kwenye maazimio, mmoja kila baada ya wiki tatu hivi. Najua kuna viongozi wa shule wasiopenda kuona mstari mtupu. Mimi niliwahi kurudishiwa maazimio nikaambiwa nijaze. Andika hapo "kuimarisha mada za wiki zilizotangulia", nayo itapita, kwa kuwa ndiyo kazi yake hasa.

Kisha mvua ikaja. Mafuriko yaliyopiga Mathare, Mukuru na mitaa mingine yaliahirisha kufunguliwa kwa shule, na tukafungua 13 Mei. Wiki 12 zilibaki, yaani vipindi 48, na nikitoa vilevile 12 nabaki na 36. Nilikuwa nimepoteza vipindi 8.

Mtu akipoteza vipindi 8 hushawishika kufanya mojawapo ya mambo mawili. Ama anaacha tarehe za zamani na kufundisha mbiombio, ama anakata mada za mwisho kwa kuwa ziko mwisho. Yote mawili ni makosa. Cha kufanya ni kurudi kwenye dizaini ya mtaala iliyotolewa na KICD, si kwenye kitabu cha mwanafunzi, na kuuliza kila mada ndogo: kuna mada nyingine inayoisubiri? Ngeli ya KI-VI, kwa mfano, inasubiriwa na kila insha atakayoandika mtoto baadaye, kwa hiyo haiguswi. Lakini nilikuwa na mada mbili za kusoma kwa ufasaha zenye matokeo yanayofanana, kila moja na kifungu chake. Niliziunganisha, nikaokoa vipindi 2. Vile 6 vya marudio nikaviondoa, nikaamua marudio yafanyike dakika tano za mwanzo wa kipindi. Mada mpya zikawa 32, akiba ikabaki 4, jumla 36. Akiba sikuigusa, japo ilinivuta sana. Muhula uliofupishwa ndio unaohitaji akiba kuliko mwingine wowote.

Neno moja kuhusu maazimio ya kununua yanayozunguka kwenye makundi ya WhatsApp na saiba za mjini. Si dhambi kuyatumia kama mwanzo. Tatizo ni kwamba yamehesabiwa kwa kalenda ya mtu mwingine na kurasa za kitabu ambacho pengine darasa lako halina. Mwaka mmoja nilipokea ya namna hiyo, na kufika wiki ya 3 nikagundua kwamba kila ukurasa ulioandikwa kwenye safu ya nyenzo ni wa kitabu cha mchapishaji mwingine. Ukiyachukua, futa safu za wiki, kipindi na nyenzo, uzijaze mwenyewe.

Mpango wa wiki ni mahali pa kugawa matokeo

Shule nyingi hazidai mpango wa wiki. Zinadai maazimio, andalio na rekodi ya kazi. Kwa hiyo mwalimu huruka kutoka kwenye mstari wa maazimio moja kwa moja hadi andalio la kesho, na hapo ndipo kamba inapokatika, maana mstari wa maazimio mara nyingi una matokeo mawili au matatu, ilhali kipindi cha dakika 35 kinabeba moja.

Tazama mstari wangu wa wiki ya 3, ya 27 hadi 31 Mei. Mada ilikuwa sarufi, mada ndogo ngeli ya KI-VI. Matokeo maalum yaliyotarajiwa yalikuwa matatu: mwanafunzi atambue nomino za ngeli ya KI-VI, atumie nomino hizo katika umoja na wingi, atunge sentensi zenye upatanisho sahihi wa kisarufi. Vipindi vilikuwa vitatu, na cha nne cha wiki kilikuwa cha kusikiliza na kuzungumza.

Mpango wangu wa wiki ni nusu ukurasa wa daftari la kawaida. Ninauandika Ijumaa alasiri, nikiwa bado nakumbuka darasa, si Jumapili usiku. Wiki hiyo ulisomeka hivi:

Jumatatu: kutambua nomino. Vitu halisi, kiatu, kikombe, kitabu, kifutio.
Jumanne: umoja na wingi. Swali la kutoka: andika kwa wingi "Kiatu changu kimelowa."
Alhamisi: kutunga sentensi zenye upatanisho.
Ijumaa: kusikiliza na kuzungumza, mazungumzo ya kununua na kuuza.
Nikichelewa: Ijumaa inaweza kubeba KI-VI ndani ya mazungumzo.

Mistari miwili ndiyo yenye thamani zaidi hapo. Wa kwanza ni swali la kutoka, swali moja ambalo kila mtoto hulijibu kwenye daftari kabla kengele haijalia. Bila hilo hutajua kama wiki inakwenda au imesimama. Wa pili ni ule wa mwisho. Kabla wiki haijaanza, amua ni kipindi kipi kinaweza kusaidia kingine. Ukingoja mpaka uchelewe ndipo uamue, utachukua kilicho karibu, na kilicho karibu kwa kawaida ni kipindi cha kesho chenye mada mpya.

Andalio la siku: moja ya matokeo, na nafasi ya ukweli mwishoni

Andalio la somo lina kichwa chake, yaani gredi, tarehe, saa na idadi ya wanafunzi, kisha mada, mada ndogo, matokeo, swali dadisi, nyenzo, utangulizi, hatua za ukuzaji wa somo, hitimisho, na mwisho tafakuri ya mwalimu. Sitakuchosha kwa sehemu zote. Nizungumzie mbili.

Ya kwanza ni matokeo. Usinakili yote matatu kutoka kwenye maazimio. Nakili lile ulilolipangia siku hiyo kwenye mpango wa wiki, kwa maneno yaleyale, ili mtu akishika karatasi tatu aone sentensi moja ikishuka. Ukibadilisha maneno kila mahali, hata wewe mwenyewe baada ya mwezi hutajua ni lipi ulilofundisha.

Ya pili ni tafakuri. Hapa wengi huandika "somo lilifana" kabla hata ya kuingia darasani. Sehemu hii ndiyo mlango pekee wa habari kupanda juu. Ukiandika maneno matupu, maazimio yatabaki kama yalivyokuwa siku ya kwanza, na watoto watabaki nyuma yake.

Jumanne ile, 28 Mei, nilikuwa na watoto 46. Somo lenyewe lilikwenda vizuri. Niliuliza wingi wa kikombe, wakajibu kwa pamoja "vikombe". Kiti, viti. Kijiko, vijiko. Ningekuwa mtu wa kusikiliza darasa likijibu kwa sauti moja, ningetoka nikiwa na furaha. Lakini nilikusanya madaftari ya swali la kutoka, nikayasoma wakati wa mapumziko. Karibu wote walikuwa wameandika "viatu". Ila 21 kati yao waliandika "Viatu zangu zimelowa."

Aliyekulia Nairobi anajua mara moja hiyo imetoka wapi. Ndivyo tunavyosema matatuni, dukani, na nyumbani: kitabu yangu, vitabu zangu, kiatu imepotea, viatu zimepotea. Mtoto hakukosa kwa bahati mbaya. Anatumia upatanisho wa ngeli ya I-ZI, kama kalamu yangu na kalamu zangu, kwa kila kitu. Kwa hiyo nomino anaibadilisha sawasawa, lakini kila kinachofuata nyuma yake anakipa ya au zi. Hilo ni tatizo tofauti kabisa na kutojua wingi, na dawa yake ni tofauti.

Tafakuri yangu ya siku hiyo ilikuwa: "21 kati ya 46 wanapatanisha KI-VI kama I-ZI. Nomino ziko sawa. Alhamisi ianze na viambishi, si sentensi nzima. Ijumaa itumike." Mistari miwili, haikuchukua dakika mbili.

Kupandisha: kutoka siku hadi wiki

Mpango wa Alhamisi ulikuwa kutunga sentensi. Niliubadilisha. Niliandika ubaoni safu mbili, changu na vyangu, na chini yake hiki na hivi, kimelowa na vimelowa, kikubwa na vikubwa lakini cheusi na vyeusi. Kisha nikaweka kalamu pembeni yake, yangu na zangu, hii na hizi, imelowa na zimelowa, ili watoto waone kwamba zangu si neno baya. Lina nyumba yake. Sikuwaambia wasiongee wanavyoongea nyumbani, na sikushauri ufanye hivyo. Niliwaambia kiatu kinafuatana na ki, kalamu inafuatana na i.

Ijumaa niliacha matokeo ya kusikiliza na kuzungumza vilevile, mazungumzo ya kununua na kuuza, lakini bidhaa zote za duka letu zikawa za KI-VI: viazi, vitunguu, vikombe, vijiko, kitana. Muuzaji hatoi kitu mpaka mnunuzi akiombe kwa upatanisho sahihi. "Nataka viazi hivi vikubwa." Kipindi kimoja kilibeba matokeo mawili bila kuiba muda wa mtu. Mwishoni nikarudia swali lilelile la kutoka. Waliokosa walikuwa 7.

Hapo wiki ilikuwa imejirekebisha yenyewe, na akiba haikuguswa. Majina ya wale saba niliyaandika juu ya ukurasa wa wiki ya 4, ambayo ilikuwa ya kuandika insha, nikawapangia nafasi karibu na meza yangu. Katika orodha ya tathmini niliwaweka kwenye ngazi ya kukaribia matarajio. Darasa zima halihitaji kurudia kwa ajili ya watoto saba, lakini hao saba wasipoandikwa mahali, kufikia Jumatatu utakuwa umewasahau.

Kutoka wiki hadi muhula

Rekodi ya kazi ndiyo daraja kati ya wiki na maazimio. Ina tarehe, kilichofundishwa na maoni. Ijaze siku hiyohiyo, na uandike kilichofundishwa kweli, hata kama si kile kilicho kwenye maazimio. Nimeona rekodi ambazo zimenakiliwa kutoka kwenye maazimio neno kwa neno, zikiwa zimejazwa kwa siku moja kwa kalamu moja, mkaguzi akiwa getini. Zinalingana kabisa, lakini hazimsaidii mtu yeyote.

Kila Ijumaa linganisha rekodi na maazimio. Mimi hufuata kanuni hii. Nikiwa nyuma kipindi 1, nakimaliza ndani ya wiki inayofuata kwa kuunganisha, kama nilivyofanya na duka. Nikiwa nyuma 2 au 3, natumia akiba, na naandika kwa penseli kwenye maazimio tarehe niliyoitumia. Nikiwa nyuma 4, yaani wiki nzima, naacha kukimbiza. Nakaa chini, naandika upya sehemu ya maazimio iliyobaki, na kumpelekea naibu wa mwalimu mkuu nayo ikiwa na sababu. Mpaka leo sijawahi kukataliwa marekebisho yenye hesabu ya vipindi.

Lakini kuna jambo ambalo kuhesabu vipindi pekee hakulionyeshi. Wiki ile ya KI-VI sikuchelewa hata kipindi kimoja, na bado ilibadilisha maazimio. Wiki ya 7 nilikuwa nimepanga ngeli ya LI-YA kwa vipindi 2. Nikakumbuka wale 21. Kama mtoto anasema kiatu yangu, atasema pia jino yangu na meno zangu, kwa sababu ileile. Niliongeza kipindi 1 kutoka kwenye akiba, nikaandika pembeni: "upatanisho, angalia tafakuri ya 28/5". Hivyo ndivyo andalio la siku moja linavyoingia kwenye muhula. Bila tafakuri ile, ningefika wiki ya 7 nikagundua kosa lilelile upya.

Wiki ya 7 yenyewe ilikuwa ya 24 hadi 28 Juni. Jumanne, 25 Juni, ilikuwa siku ya maandamano makubwa mjini, na wazazi wengi walibaki na watoto wao nyumbani. Darasani nilikuwa na 17. Siku kama hiyo usifundishe matokeo mapya, maana utalazimika kuyafundisha tena na rekodi yako itasema yameshakwisha. Nilifanya mazoezi ya KI-VI na hao 17, wawili kati yao wakiwa katika wale saba, na kwenye rekodi nikaandika: "Waliohudhuria 17. Marudio. LI-YA kipindi cha 2 kimehamia Alhamisi." Akiba ya pili ikaenda hapo. Mbili zilibaki hadi Julai.

Jinsi ya kujipima kama mipango yako imeungana

Usianze na faili. Chukua daftari la mtoto mmoja, si yule bora, ufungue ukurasa wowote wenye tarehe. Tafuta tarehe hiyo kwenye rekodi ya kazi, kisha andalio la siku hiyo, kisha mpango wa wiki, kisha mstari wa maazimio. Kazi iliyo kwenye daftari inapaswa kuonekana kote. Fanya hivyo kwa tarehe tatu.

Daftari likitofautiana na rekodi, rekodi imejazwa kwa kubuni. Rekodi ikitofautiana na maazimio bila alama yoyote ya penseli, mabadiliko yalifanyika ila hayakupanda, na kufikia wiki ya 9 utashangaa mada nne zimetoka wapi. Na kama vyote vinalingana kikamilifu kwa muhula mzima, tarehe kwa tarehe, pasipo kuhamisha kipindi hata kimoja, hapo mimi ningerudi kusoma tafakuri kwa makini zaidi kuliko mahali pengine popote.

Wiki ya kufunga, kabla hujaweka faili kabatini, fungua karatasi ya maazimio ya muhula ujao na uandike mstari wa kwanza kutokana na rekodi hii. Wangu wa Muhula wa 3 ulisema: "Wiki ya 1, kipindi cha 2: upatanisho wa KI-VI na LI-YA katika insha fupi, wanafunzi 4." Kutoka saba, wanne ndio walikuwa wamebaki, na majina yao nikayaandika hapohapo pembeni.